Ndugu Zako Waweze Kuzifikia Picha: Kuandaa Akaunti ya Picha Kabla ya Dharura

Zamani picha za familia zilikaa ndani ya albamu, na albamu ilikaa kabatini. Aliyebaki na kabati alibaki na picha. Leo picha nyingi zinapigwa kwa simu na kuhifadhiwa mtandaoni, katika akaunti ya mtu mmoja, na akaunti hiyo hufunguliwa kwa nywila anayoijua yeye peke yake. Mwenye akaunti akifariki, au akipata maradhi yanayomwondolea kumbukumbu, ndugu hujikuta wameishika simu yake mkononi lakini hawawezi kuziona picha zilizomo.

Makala haya yanaeleza namna ya kulizuia jambo hilo. Tumechagua akaunti ya Google, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika simu za Android, na picha za watumiaji wengi wa simu hizo huhifadhiwa katika huduma ya Google Photos. Mwishoni tutawaeleza kwa ufupi wenye simu za iPhone.

Mambo mawili yasiyofanana

Watumiaji wengi huamini kwamba wakishaandika namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji, basi wamemaliza. Sivyo. Katika kulinda akaunti ya picha kuna kazi mbili, na kila moja ina chombo chake.

Kazi ya kwanza ni kumrudishia mwenye akaunti njia ya kuingia pale anaposahau nywila au anapopoteza simu. Chombo chake ni taarifa za urejeshaji, yaani namba ya simu na anwani ya barua pepe ambako Google hupeleka msimbo wa kuthibitisha kwamba anayeomba kuingia ndiye mwenyewe. Taarifa hizi zimewekwa kwa ajili ya mtu aliye hai.

Kazi ya pili ni kuwakabidhi ndugu picha pale mwenye akaunti anapokuwa hawezi tena kuingia. Chombo chake ni mtu wa kuaminiwa, ambaye mwenye akaunti humteua mapema na kumpa ruhusa ya kupakua vitu fulani tu baada ya muda maalumu kupita. Mtu huyo hapewi nywila wala haingii ndani ya akaunti. Hupewa nakala.

Anayetegemea chombo cha kwanza kwa kazi ya pili hukwama mahali pamoja: kwenye laini ya simu. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na anayetaka kurudishiwa laini iliyopotea hutakiwa kujithibitisha kwa njia hiyo hiyo. Mwenye laini akiwa amefariki, hakuna wa kuweka kidole. Aidha, laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na baadaye namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Hivyo msimbo ambao familia inausubiri huenda usifike popote, au ufike kwa mtu asiyewajua. Ndiyo sababu vyombo vyote viwili vinahitajika, kila kimoja kwa kazi yake.

Kwanza hakikisha picha zimo

Kabla ya kushughulikia ufunguo, hakikisha kilichomo ndani. Picha kuonekana kwenye simu si dalili kwamba imehifadhiwa mtandaoni. Fungua Google Photos na uguse picha yako ndogo iliyo pembeni juu. Hapo utaona kama uhifadhi wa nakala umewashwa, umekamilika au umesimama, pamoja na anwani ya akaunti inayotumika. Isome anwani hiyo kwa makini na kuiandika, kwa kuwa watu wengi wana akaunti zaidi ya moja, na huandaa vizuri ile isiyo na picha.

Uhifadhi ukiwa umesimama, mara nyingi sababu ni nafasi kujaa. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na picha, barua pepe na mafaili ya Google Drive. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zote huhesabiwa katika nafasi hiyo. Ikijaa, picha mpya hubaki ndani ya simu tu, na simu hiyo ikiharibika zimepotea, hata kama kila kitu kingine kimeandaliwa.

Taarifa za urejeshaji

Fungua anwani myaccount.google.com na uingie kwenye sehemu ya usalama. Tafuta mistari miwili, ambayo kwa Kiingereza husomeka "Recovery phone" na "Recovery email". Soma kilichoandikwa hapo kana kwamba unakiona kwa mara ya kwanza. Je, namba hiyo ungali nayo? Je, barua pepe hiyo unaweza kuifungua leo hii? Wengi hukuta namba waliyoiacha miaka mingi iliyopita, au barua pepe waliyofunguliwa na kijana wa duka la simu, wasiyoijua nywila yake.

Namba iwe ile unayoitumia kila siku na iliyosajiliwa kwa jina lako. Barua pepe inaweza kuwa yako nyingine au ya mtu wa nyumbani, kwa mfano mwenzi wako. Kuweka ya mtu mwingine kuna faida moja kubwa: maonyo ambayo Google hutuma kuhusu akaunti iliyokaa bila kutumika humfikia na yeye. Kuna pia hatari yake. Mwenye kuifungua barua pepe hiyo huweza kupokea msimbo wa kuingilia kwenye akaunti yako. Basi mchague kama ambavyo ungemchagua wa kumwachia funguo za nyumba.

Ikiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, chukua pia misimbo ya akiba. Google hutoa misimbo 10, kila mmoja ukiwa na tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Iandike au ichapishe kwenye karatasi, na uiweke pamoja na vyeti vyako. Ukiomba mingine, ile ya zamani hufa yote, hivyo iharibu karatasi ya kwanza. Misimbo hii itakufaa siku utakapoibiwa simu ukiwa bado unaikumbuka nywila, kwani msimbo wa akiba haufungui kitu bila nywila.

Mtu wa kuaminiwa

Hatua hii ndiyo inayowahusu ndugu zaidi. Fungua myaccount.google.com/inactive. Ukurasa huo kwa Kiingereza huitwa "Inactive Account Manager", nao huuliza mambo manne.

La kwanza ni muda wa kusubiri. Google huhesabu tangu ilipoona dalili ya mwisho ya matumizi, na wewe huchagua kama isubiri miezi 3, 6, 12 au 18. Miezi 3 inaweza kuwa michache kwa mtu aliyelazwa kwa muda mrefu. Miezi 18 ni mingi kwa familia inayosubiri. Kwa watumiaji wengi miezi 6 inatosha. Usiogope kwamba picha zitatolewa kwa ghafla ukiwa hai: mwezi mmoja kabla ya muda kwisha Google huanza kukutumia ujumbe wa simu na barua pepe, na ukiingia tu kwenye akaunti, hesabu huanza upya.

La pili ni nani ajulishwe. Unaweza kuteua watu hadi 10. Tunashauri wawili au watatu, wanaoishi katika nyumba tofauti. Kwa kila mmoja utaandika anwani ya barua pepe na, ukitaka apakue picha, namba yake ya simu. Namba hiyo si ya kujaza nafasi tu. Siku ikifika Google itampelekea msimbo kwa namba hiyo, na bila msimbo hatapata kitu.

La tatu ni vitu gani apewe. Orodha ni ndefu, na kwa kila mtu unaweza kuchagua tofauti. Ikiwa lengo lako ni picha, chagua Google Photos peke yake. Barua pepe zako huenda zina taarifa za benki, za matibabu na za watu wengine, na hakuna ulazima wa kuzifungua ili binti yako apate picha za harusi yake.

La nne ni kama akaunti ifutwe baada ya hapo. Ukikubali, akaunti yote itafutwa miezi 3 baada ya kutangazwa kuwa haitumiki. Ikiwa huna sababu mahususi ya kutaka hivyo, usiiwashe sehemu hii.

Jambo moja husahaulika mno. Unapomteua mtu, Google haimjulishi. Hupata barua kwa mara ya kwanza siku muda utakapokwisha. Asiyejua lolote atapokea barua pepe inayomtaja marehemu na kumtaka abonyeze kiungo, na kwa jinsi utapeli ulivyoenea ataifuta mara moja, na atakuwa na haki ya kuogopa. Mwambie leo. Ukurasa huo pia hukuruhusu kuandika ujumbe utakaoambatana na barua. Andika humo neno ambalo nyinyi wawili tu mnalijua, apate kutambua kwamba barua ni ya kweli.

Mfano wa familia moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mstaafu wa Tanga alikuwa na gigabaiti 11 za picha, nyingi zikiwa ni picha za karatasi za wazazi wake alizozipiga upya kwa simu. Alichagua muda wa miezi 6 na kuwateua watoto wake wawili, binti aishiye Mwanza na kijana aishiye Dodoma. Aliwaambia wote wawili.

Mwalimu alifariki tarehe 2 Aprili. Familia iliendelea kuitumia simu yake kuwapigia jamaa na kupokea rambirambi hadi arobaini ilipokwisha, tarehe 12 Mei, ndipo wakaizima. Kijana alitarajia barua mwanzoni mwa Oktoba. Haikuja, na wakadhani mpango umeshindwa. Haukushindwa. Simu ya Android iliyowashwa na kuunganishwa na mtandao huendelea kuwasiliana na Google, na mawasiliano hayo huhesabiwa kuwa ni dalili ya matumizi. Miezi 6 ilianza kuhesabiwa Mei na si Aprili.

Tarehe 12 Oktoba maonyo yalianza kutumwa kwenye akaunti ya marehemu. Kama mtu angeiwasha simu na kuigusa arifa ili kuona kuna nini, hesabu ingeanza upya. Hakuna aliyeigusa. Katikati ya Novemba barua iliwafikia watoto wote wawili. Binti aliifungua kwanza, akaomba msimbo, lakini haukuja: mwaka mmoja kabla alikuwa amebadilisha laini, na baba yake hakupata kuirekebisha namba. Namba ya kijana ilikuwa ile ile. Yeye alipokea msimbo na kuanza kupakua.

Familia ilikuwa na miezi 3, yaani hadi katikati ya Februari. Muda huo unaonekana mrefu, lakini gigabaiti 11 si kitu cha kupakua kwa bando la siku moja, na simu ya kijana haikuwa na nafasi ya kutosha. Alikwenda kwa rafiki mwenye kompyuta na mtandao wa ofisini, akaziweka picha kwenye diski mbili, akafungua picha kadhaa kutoka kila diski kuhakikisha zinaonekana, kisha akampelekea dada yake diski moja.

Mambo mawili yaliiokoa familia hiyo: kuteua watu wawili badala ya mmoja, na kuwaambia mapema. Mambo mawili yaliichelewesha: simu iliyoendelea kutumika, na namba ambayo haikurekebishwa.

Kama hakuna mpango wowote

Mwenye akaunti asipoandaa lolote, muda hufanya kazi dhidi ya familia. Kwa kanuni iliyotangazwa na Google mwezi Mei 2023, akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, zikiwamo picha. Ufutaji ulianza Desemba mwaka huo. Kabla ya kufuta, Google hutuma maonyo kwenye akaunti yenyewe na kwenye barua pepe ya urejeshaji kama ipo.

Ndugu wa karibu wanaweza kuiomba Google iwapatie baadhi ya yaliyomo katika akaunti ya marehemu. Ombi hilo huhitaji kitambulisho cha mwombaji na cheti cha kifo, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA. Lakini ombi si haki ya moja kwa moja. Google hulipima na huweza kulikataa, na kwa hali yoyote haitoi nywila. Kwa hiyo msisubiri: ombeni mapema, mkijua kwamba hesabu ya miaka 2 inaendelea.

Jihadharini na mtu anayedai kwamba anaweza kuifungua akaunti ya marehemu kwa malipo. Google haiuzi huduma ya namna hiyo kupitia mawakala wa mitaani, na anayekuomba umsomee msimbo ulioingia kwenye simu yako anataka akaunti yako wewe.

Wenye simu za iPhone

Katika huduma ya Apple mambo haya mawili yametenganishwa kwa majina. Ndani ya mipangilio, gusa jina lako kisha sehemu ya usalama wa kuingia. Utaona "Recovery Contact", ambaye hukusaidia wewe mwenyewe kurudi kwenye akaunti, na "Legacy Contact", ambaye hupata haki ya kuzifikia picha baada ya kifo chako. Kumteua wa kwanza si kumteua wa pili.

Unaweza kuteua hadi watu 5 wa aina ya pili. Kila mmoja hupewa ufunguo wa ufikiaji, ambao ni mfululizo mrefu wa herufi na namba. Uchapishe na umpe auhifadhi. Siku ya kuhitaji, atauwasilisha pamoja na cheti cha kifo kupitia digital-legacy.apple.com. Hapa hakuna muda wa kusubiri kama wa Google, lakini bila cheti hakuna kinachotolewa. Kwa hiyo utaratibu huu haumsaidii mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu. Ombi likikubaliwa, ndugu wana miaka 3 ya kupakua, kisha akaunti hufutwa moja kwa moja.

Ukaguzi wa kila mwaka

Mpango huu huharibika kimyakimya. Namba hubadilika, barua pepe husahaulika, na watu hukosana au hutangulia mbele ya haki. Chagua siku moja katika mwaka ambayo huisahau, na uifanye kuwa siku ya kukagua:

1. Uhifadhi wa nakala umekamilika, na katika akaunti ile uliyoiandaa.
2. Namba na barua pepe ya urejeshaji zinafanya kazi leo.
3. Kila mtu wa kuaminiwa ana namba ile ile. Mpigie simu kwa namba iliyoandikwa kwenye ukurasa, usiitumie iliyomo katika orodha yako ya majina.
4. Kila mmoja wao anakumbuka kwamba ameteuliwa, na analijua neno mlilokubaliana.
5. Karatasi ya misimbo ya akiba, au ufunguo wa Apple, iko mahali pake.

Kisha andika kwenye karatasi moja anwani ya akaunti, majina ya uliowateua na muda wa kusubiri uliouchagua, bila nywila, na uiweke karatasi hiyo pamoja na hati nyingine za nyumbani. Ndugu zako wakiikuta, watajua kwamba mpango upo, watajua ni nani wa kumuuliza, na watajua kwamba simu ile inapaswa kuzimwa na kuachwa ipumzike.